Kidonge cha Jumatano: rasimu tatu za kipeperushi cha dawa kwa Kihindi, na ipi uchague

Mtu anayesimamia tafsiri ya kipeperushi cha dawa kwa Kihindi huletewa rasimu mbili au tatu, na mara nyingi zote ni sahihi ukizipima kwa kamusi. Shida ni kuchagua. Ninafanya kazi katika duka la dawa Maskati, na Kihindi nilikiokota miaka ile niliyokuwa India nikisomea famasia, kingi sokoni na kichache darasani. Wateja wetu wengi ni mafundi, wapishi na madereva kutoka Uttar Pradesh, Bihar na Rajasthan. Kwa sababu hiyo, karatasi za Kihindi zinazohitaji jicho la pili huishia mezani kwangu, katikati ya chai na risiti.

Nitalinganisha rasimu hizo kwa dawa moja tu, methotreksati, kwa kuwa ndiyo inayoumbua tafsiri mbaya haraka kuliko nyingine ninazozijua. Wagonjwa wa baridi yabisi na wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, huimeza mara moja kwa wiki. Mgonjwa akiimeza kila siku, inazuia seli zinazogawanyika upesi zisigawanyike, na za kwanza kuumia ni za uboho wa mifupa na za utando wa mdomo na utumbo. Vinatokea vidonda mdomoni, homa na kutokwa damu, na wapo waliokufa kwa kosa hili. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa masharti mapya kwa sababu hiyo hiyo: kifungashio kikumbushe kwamba dawa ni ya mara moja kwa wiki, mgonjwa apewe kadi, na vidonge vitolewe kwenye pakiti ya bati inayotobolewa kidonge kimoja kimoja badala ya kwenye chupa.

Mgonjwa wetu wa mfano ameandikiwa miligramu 15 kwa wiki, kila Jumatano.

Kihindi cha ofisi, cha nyumbani, au Kiingereza kilichovikwa Devanagari, herufi za Kihindi

Vipeperushi vingi vinavyokaa ndani ya boksi la dawa India viko kwa Kiingereza, na vimeandikwa kwa ajili ya daktari. Vingine vinasema hivyo waziwazi juu kabisa. Kwa hiyo mtafsiri wa Kihindi hana mfano mzuri wa kuiga, na asipojua la kufanya hukimbilia istilahi za serikali. Mwaka 1961 serikali ya India iliunda Tume ya Istilahi za Kisayansi na Kiufundi, na maneno mengi yaliyotoka huko yamechongwa kutoka Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Yanafaa kwa kitabu cha chuo. Kwa fundi bomba mwenye homa saa nane za usiku hayafai.

Chukua onyo la dalili hatari. Rasimu ya kwanza, ya Kihindi cha ofisi, inasomeka hivi:

> औषधि के सेवन के दौरान ज्वर, कंठशोथ, मुख-व्रण अथवा अकारण रक्तस्राव होने पर तत्काल चिकित्सक से परामर्श करें।

Homa hapa ni "jvar", koo kuuma ni "kanthshoth", vidonda vya mdomo ni "mukh-vran", kutokwa damu ni "raktasrav". Sentensi haina kosa hata moja. Mwanamume aliyeishia darasa la sita ataisoma kwa sauti bila kukwama, kisha atakuuliza kama hiyo dawa ni ya kooni.

Rasimu ya pili, ya Kihindi cha nyumbani:

> बुखार, गले में दर्द, मुँह में छाले, या बिना चोट के नील पड़ना या ख़ून आना: इनमें से कुछ भी हो, तो तुरंत डॉक्टर को दिखाएँ।

Hapa homa ni "bukhar", koo kuuma ni "gale mein dard", vidonda ni "chhale", na kile ambacho kamusi ya tiba inakiita kutokwa damu bila sababu kimekuwa alama za bluu mwilini au damu bila kuumia. Maneno haya mgonjwa anayo tayari, na ndiyo atakayoyatumia akimweleza daktari.

Rasimu ya tatu ni ya watu wa matangazo. Wanachukua Kiingereza na kukiandika kwa herufi za Kihindi: "fiva", "sor throt", "mauth alsa", "bliding". Kijana wa Delhi anaielewa vizuri, pengine kuliko ya pili. Mama yake aliyebaki kijijini haielewi, ilhali ndiye anayetumiwa picha ya kipeperushi kwenye simu aisome.

Kati ya hizi tatu nachukua ya pili, ila si kwa usafi wa lugha. Yapo maneno ya Kiingereza ambayo yameshakuwa Kihindi cha watu wote: "doktar", "livar", "kidni", "shugar" kwa maana ya kisukari, "bipi" kwa shinikizo la damu. Ukimwandikia mtu "yakrit" badala ya "livar" unamfukuza kama ulivyomfukuza kwa "kanthshoth". Kipimo changu ni kujiuliza neno gani mgonjwa angelitamka akiwa ameketi mbele ya daktari. Likitoka Kisanskriti, sawa. Likitoka Kiajemi, sawa. Likitoka Kiingereza, liache libaki. Msomaji wa Kiswahili anayepita kwenye karatasi hizi atakutana na jamaa zake wa zamani pia, maana "dava" ni dawa ile ile yetu, na "khatra" ina asili moja na hatari.

Hiyo khatra ina kazi. Wenye Kihindi cha ofisi huweka juu ya maonyo neno "chetavani". Tatizo ni kwamba chetavani ni neno la maonyo ya sigara India, na watu wameizoea hivyo hivyo huku wakivuta. "Khatra" imeandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na fuvu la kichwa. Mimi huomba neno hilo litumike mara moja tu katika kipeperushi kizima, juu ya kosa linaloua, na maonyo mengine yaanze kwa "dhyan den", yaani angalia. Ukibandika khatra kwenye kichefuchefu, siku ya khatra yenyewe hakuna atakayeisoma.

Mara moja kwa wiki

Rasimu zote tatu ziliandika "hafte mein ek bar" au "saptah mein ek bar". Maana zake ni hiyo hiyo, mara moja kwa wiki. Hakuna mkaguzi atakayezitia alama nyekundu. Lakini zina mianya mitatu, na kila mmoja unapitika.

Mwanya wa kwanza ni kitenzi. Rasimu zilisema "dava len", chukua dawa. Kwa Kihindi "dava lena" ni kumeza dawa, na pia ni kwenda kununua dawa. Mtu akisema "main dava lene ja raha hun", anakuaga anakwenda dukani. Kwa hiyo "hafte mein ek bar dava len" mtu anaweza kuisikia kuwa kila wiki apite kuchukua dawa, na namna ya kuila ni shauri jingine. Kihindi cha nyumbani kina kitenzi kisicho na shaka, "khana", kula. Sisi tunakunywa dawa hata ikiwa kidonge, wao wanaila. Andika "khani hai", inapaswa kuliwa, na mlango wa duka unajifunga.

Mwanya wa pili ni neno "hafta" lenyewe. Kwa Kihindi ni wiki. Kwa mtu aliyelelewa na Kiurdu, ambaye anazungumza na jirani yake wa Kihindi bila mkalimani, hafta ni wiki na pia ni siku ya Jumamosi. Muktadha humsaidia mara nyingi, lakini mimi sitaki kuuachia muktadha dawa ya namna hii. "Saptah" haina utata huo, ila ni neno la kitabuni kidogo. Dawa yake ni kutaja siku kwa jina mara tu baada ya neno hafta, ndani ya mstari ule ule.

Na hapo siku zenyewe zinataka kuchaguliwa. Alhamisi kwa Kihindi ni "guruvar", "brihaspativar" au "virvar" kulingana na mtu anatoka wapi, na Kiurdu kinaiita "jumerat". Jumatatu ni "somvar" kwa mmoja na "pir" kwa mwingine. Jumanne na Jumatano ndizo nyepesi: "mangal" na "budh" zinaeleweka pande zote mbili. Siku anaipanga daktari, si mtafsiri, lakini kipeperushi kikihitaji siku ya mfano, au daktari akiuliza ipi ni rahisi, mimi husema Jumatano. Jumanne wapo wanaofunga kwa ajili ya Hanuman, mungu wa Wahindu, na mtu aliyefunga anaweza kuisogeza dawa kimyakimya.

Mwanya wa tatu unajitokeza kwenye sehemu ya dozi iliyosahaulika, na ni mwanya ambao Kihindi chenyewe kimeumbwa nao. Neno "kal" ni jana na pia ni kesho. "Parson" ni juzi na pia keshokutwa. Kwenye sentensi yenye kitenzi hakuna tabu, kwa kuwa kitenzi kinaonyesha wakati: "kal khai thi" nilikula jana, "kal khaunga" nitakula kesho. Tabu inakuja kitenzi kinapokosekana, na vipeperushi vinapenda vichwa vya habari visivyo na vitenzi. Rasimu ya pili, ile niliyoisifu, iliandika "kal ki goli". Kidonge cha jana au kidonge cha kesho? Hata aliyeiandika alipoulizwa alisita.

Maelezo ya kawaida ya dozi iliyosahaulika kwa dawa hii ni kwamba mgonjwa anaweza kuila ndani ya siku mbili baada ya siku yake. Zikipita, aiache, asubiri siku yake ya kawaida, na asile dozi mbili pamoja. Ukitafsiri hayo kwa kal na parson unatengeneza fumbo. Ukitafsiri kwa majina ya siku, fumbo linakwisha: umesahau Jumatano, kula Alhamisi au Ijumaa, ikifika Jumamosi usile, subiri Jumatano ijayo. Inakuwa ndefu kwa mstari mmoja, na mbunifu wa karatasi atalalamika. Mwache alalamike. Alhamisi yenye majina manne utaiandika kwa mawili, lile la wagonjwa wako wengi na la pili kwenye mabano.

Miligramu, vidonge, au vyote

Hapa ndipo ninapobishana zaidi na wenzangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rasimu ya ofisi iliandika kipimo kwa miligramu peke yake: miligramu 15. Ni sahihi kitaalamu, na inamwachia mgonjwa hesabu ya kugawanya. Rasimu ya nyumbani ikaona huruma, ikaandika vidonge peke yake: vidonge 6. Ni rahisi, na ni hatari zaidi kuliko ya kwanza. Methotreksati ina vidonge vya nguvu mbalimbali, na India utakuta vya miligramu 2.5, 5, 7.5 na 10. Tazama miligramu 15 zinavyobadilika:

| Kilichoandikwa kwenye pakiti | Vidonge vya Jumatano |
|---|---|
| 2.5 mg | 6 |
| 5 mg | 3 |
| 7.5 mg | 2 |
| 10 mg | kimoja na nusu |

Sasa mgonjwa aliyezoea vidonge sita anasafiri kwenda kwao likizo, dawa inamwishia, na duka la mtaani linampa pakiti ya 10 mg. Kipeperushi chake kinasema vidonge 6. Anakula miligramu 60 siku moja, mara nne ya alichoandikiwa, na hakuna neno hata moja kwenye karatasi yake ambalo lingemshtua. Angekuwa na "15 mg" pembeni angalau mwenye duka angeiona.

Kwa hiyo nachagua vyote viwili, lakini kwa mpangilio maalumu: idadi ya vidonge kwanza kwa sababu ndiyo ambayo mkono utaihesabu, kisha nguvu ya kila kidonge, kisha jumla. Mambo matatu, mistari mitatu. Na jina la kipimo liandikwe kama linavyosomeka kwenye pakiti. Watafsiri wanaopenda usafi huandika मि.ग्रा., ufupisho wa miligramu kwa Devanagari. Mililita inafupishwa मि.ली., na ukiziweka jirani kwa maandishi madogo ya kipeperushi zinatofautiana kwa mkia tu. Zaidi ya hapo, pakiti imeandikwa mg kwa herufi za Kilatini. Mgonjwa asiyejua Kiingereza anaweza kulinganisha umbo la mg na umbo la mg bila kujua linatamkwaje, kama unavyolinganisha namba ya basi. Hawezi kulinganisha मि.ग्रा. na mg. Andika mg, na ufuatishe neno zima मिलीग्राम mara ya kwanza.

Tarakimu ni vivyo hivyo. Devanagari ina tarakimu zake, na rasimu ya ofisi ilizitumia zote kwa fahari. Lakini moja yao, १, inafanana na 9 ya simu, na nne yao, ४, inafanana na 8. Huku Ghuba kuna ugomvi wa ziada, maana tano ya Kiarabu, ٥, kwa jicho la Mhindi ni sifuri yake mwenyewe. Kifungu cha 343 cha Katiba ya India chenyewe kinasema tarakimu za shughuli rasmi za Muungano ni zile za kimataifa, kwa hiyo mtafsiri wa ofisi hana hata ofisi ya kumtetea. Tumia 1, 2, 3.

Kuna kitu kidogo ambacho sikukijua mpaka nilipokiona kwenye karatasi iliyochapwa. Nukta ya Kihindi si nukta, ni kijiti kilichosimama: ।. Sentensi ikiishia kwa namba, kijiti kinasimama karibu nayo: 15।. Kwa wino hafifu na macho ya mzee wa miaka sitini, hiyo ni 151. Suluhisho halina gharama yoyote: sentensi isiishie kwa namba. Malizia kwa neno "goliyan", vidonge, au kwa kitenzi, na kijiti kitakaa mbali.

Desimali ni tatizo kubwa zaidi. Nukta ya 2.5 ikipotea inabaki 25. Hapa Kihindi kina zawadi ambayo Kiingereza hakina. Kina maneno yake kamili kwa mafungu ya namba, na yanatumika sokoni kila siku: "dedh" ni moja na nusu, "dhai" ni mbili na nusu, "sadhe sat" ni saba na nusu. Muuza vitunguu asiyejua kusoma desimali anajua dhai ni nini kabla hajafungua macho vizuri. Kwa hiyo 2.5 mg iandikwe na dhai pembeni yake, na nukta ikipotea neno litabaki. Rasimu ya ofisi iliandika "do dashamlav panch", mbili nukta tano, kama mwalimu wa hesabu. Tahadhari moja tu: dedh na dhai zinaanza kwa sauti zinazokaribiana, kwa hiyo ziandikwe pamoja na tarakimu, zisiachwe peke yake kamwe.

Kwa dawa za maji hukumu yangu ni fupi. "Chammach", kijiko, kisitumike kama kipimo hata kikiitwa kijiko cha chai. Vijiko vya nyumbani havina ukubwa mmoja; kimoja hakifiki mililita 3, kingine kinapita 7. Mtoto wa kilo 10 anayehitaji miligramu 150 za parasetamoli atapewa mililita 6 za sirapu ya 125 mg/5 ml, kwa bomba la kupimia. Dawa hiyo hiyo ipo pia katika chupa ndogo ya matone yenye 100 mg/ml, na hapo mtoto yule yule anahitaji mililita 1 na nusu tu. Mtafsiri akiandika kipimo bila kutaja chupa ipi, au akitafsiri jina la chupa hiyo kuwa "bunden", matone, mama ataanza kuhesabu tone moja moja na hatafika popote, au atapima mililita 6 kutoka chupa kali na kumpa mtoto mara nne.

Katazo lisilogeuka

Wanafunzi wa Kihindi wote wanalijua fumbo hili: "roko mat jane do". Weka mkato baada ya "roko" na maana yake ni mzuie, usimwache aende. Sogeza mkato baada ya "mat" na inakuwa usimzuie, mwache aende. Neno "mat", la kukataza, linaning'inia kati ya vitenzi viwili na linaweza kuangukia upande wowote. Kiswahili hakina ugonjwa huu, kwa kuwa usi- yetu imeshonwa ndani ya kitenzi chake.

Darasani fumbo hili linachekesha. Kwenye rasimu ya pili nililikuta limevaa koti la daktari: "bukhar ae to ruken mat doktar ke pas jaen". Homa ikija usingoje, nenda kwa daktari. Mkato ulikuwepo kwenye faili la mtafsiri, na ukapotea mpangaji wa kurasa alipobana mistari. Bila mkato, macho yanayokimbia yanaweza kuishika kama ngoja, usiende kwa daktari. Wengi wataisoma vizuri kwa sababu akili inakataa upuuzi, lakini mgonjwa asiyetaka kupoteza siku ya kazi ana sababu ya kupenda ile maana nyingine.

Chaguo lililonitosha ni kuweka kiambishi cha katazo mbele ya kitenzi na kuvunja sentensi mbili: "Na ruken. Doktar ke pas jaen." Hakuna mkato wa kupotea. Kwa katazo kuu, la kutokula kila siku, hata "na" naiona laini, kwa sababu "roz na len" inasikika kama ushauri wa adabu. "Yah dava roz nahin khani hai", dawa hii si ya kuliwa kila siku, inasema jinsi jambo lilivyo, na haina heshima ya ziada ya kupunguza makali.

Kisha sababu. Kihindi cha ofisi: "pratidin sevan ghatak siddh ho sakta hai". Kihindi cha nyumbani: "roz khane se jan ja sakti hai", ukiila kila siku uhai unaweza kuondoka. Yote mawili yanasema inaweza, hakuna aliyezidisha. Lakini "jan" ni neno ambalo mtu analisikia tumboni.

Nani aithibitishe

Wengi wanaoagiza tafsiri huomba tafsiri ya kurudisha: mtu wa pili anageuza Kihindi kuwa Kiingereza, kisha zinalinganishwa. Njia hii inakamata namba iliyodondoka na sentensi iliyorukwa, kwa hiyo usiitupe. Ila ina upendeleo usioonekana. "Kanthshoth" ikirudishwa inatoa neno lile lile la kitabibu lililokuwa mwanzoni, alama mia kwa mia. "Gale mein dard" inarudi kama maumivu ya koo, na mkaguzi anaandika kwamba imelegea. Ukiifuata peke yake utaishia na rasimu ya ofisi, na karatasi zote zitakuwa na sahihi.

Njia ya pili ni kuwapa watu wasome. Ulaya inadai vipeperushi vipitishwe kwa wasomaji wa kawaida, na desturi iliyozoeleka ni watu 20, kumi kwa kumi, ambapo kwa kila swali angalau 16 wapate jibu na walielewe. Sisi dukani hatuna watu 20. Tunapata kumi kwa wiki moja, nje ya saa za kazi, kwa glasi ya sharubati. Hatuwaulizi kama wameelewa, kwa kuwa kila mtu mwenye adabu atasema ndiyo. Tunawapa pakiti tupu na karatasi, tunasema: leo ni Ijumaa, Jumatano ulisahau, fanya. Au: hesabu mezani vidonge vya leo.

Sanduku la maelezo ya dozi katika rasimu ya nyumbani, baada ya masahihisho yote hayo, lilikuwa hivi:

```
यह दवा रोज़ नहीं खानी है।
हफ़्ते में सिर्फ़ एक दिन खानी है: हर बुधवार को।
बुधवार को 6 गोलियाँ एक साथ खाएँ।
हर गोली 2.5 mg (ढाई मिलीग्राम) की है।
6 गोलियाँ मिलाकर 15 mg बनती हैं।
बाक़ी छह दिन यह दवा नहीं खानी है।
```

Yaani: si ya kila siku, ni siku moja tu kwa wiki, kila Jumatano, Jumatano kula vidonge 6 kwa pamoja, kila kimoja ni 2.5 mg; sita vinafanya 15 mg; siku sita zilizobaki usile dawa hii. Niliipenda. Nilidhani tumemaliza.

Msomaji wa tisa alikuwa mpishi, mtu makini, akaisoma mara mbili kwa kidole. Kisha akavipanga vidonge sita mezani kwa mstari, kimoja kimoja, akavigusa huku akitaja siku kuanzia Alhamisi. Tulipomuuliza, alisema vidonge ni sita na siku zilizobaki ni sita. Yale maneno "kwa pamoja" alikuwa ameyasoma vizuri tu, ila sita ya mstari wa mwisho iliikuta sita ya mstari wa tatu kichwani mwake na zikaoana. Mstari wa mwisho tukaufuta usiku ule, tukaandika किसी और दिन नहीं खानी है, isiliwe siku nyingine yoyote, pasipo namba. Kesho yake tukamwita tena, pamoja na wawili ambao hawakuwa wameiona, na vidonge sita vikaenda kwenye kiganja kimoja.